Kabla ya kulipia jimu, mpime kocha kwanza

Zamani mtu wa Tongaren hakulipa senti ili atoke jasho. Jembe, ng'ombe wa kufukuza na gunia la mahindi la kilo 90 vilimtosha. Siku hizi pikipiki imechukua nafasi ya miguu, na katika kliniki naona walimu, wenye maduka na hata wakulima ambao presha yao imepanda na mshipi umeongezwa matundu mawili. Daktari akimwambia mgonjwa wa namna hii afanye mazoezi, jibu analopata ni swali: Nitafanyia wapi?

Kwa wakazi wa huku majibu ni mawili. Kuna vyumba vya mabati vilivyochipuka karibu na masoko, ambako vijana huinua vyuma jioni, na kuna jimu za mjini Kitale zenye vioo, muziki na mashine za kukimbilia. Kwa kuwa wagonjwa wangu huniuliza waende wapi, niliamua kuzuru chumba kimoja cha kila aina na kukikagua kama vile ninavyomkagua mgonjwa. Sitaandika majina yao. Jimu hubadilika upesi, kocha hodari wa leo huenda akahamia Eldoret mwezi ujao, na lenye faida kwa msomaji ni kujua la kutazama.

Nitaanza na kocha, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kupoteza figo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 38, kutoka upande wa Naitiri, aliandikishwa katika jimu ya Kitale siku ya Jumamosi. Alilipa ada ya mwaka mzima siku iyo hiyo. Kocha, kijana mwenye kifua kipana, hakumuuliza umri, wala dawa anazotumia, wala mara ya mwisho alifanya mazoezi lini. Alimwambia achuchumae na kuruka mara ishirini, apumzike kidogo, kisha arudie. Raundi zilikuwa kumi. Baada ya hapo akapiga hatua ndefu za kupinda magoti kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akamalizia na pushapu. Mwalimu ni mtu wa kujikaza, tena kulikuwa na wasichana wawili waliokuwa wakimtazama. Alimaliza yote.

Jumapili aliumwa mapaja, akadhani ni kawaida. Jumatatu alishindwa kuchuchumaa chooni, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya strungi. Sasa, mtu wa magharibi mwa Kenya akiona mkojo mweusi hufikiria malaria kwanza, na si ujinga, kwa maana malaria kali inaweza kuuleta. Alikwenda duka la dawa sokoni, akapewa vidonge vya malaria na kudungwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu. Jumanne aliletwa kwangu akishikiliwa na nduguye, mapaja yamevimba na kuwa magumu kama ubao.

Tulimpima malaria, hakuna. Tulichovya kijiti katika mkojo, kikaonyesha damu nyingi. Lakini tulipoutazama mkojo ule ule chini ya hadubini, hatukuona chembe nyekundu za damu. Kwa daktari yeyote, kinyume hicho ni kengele. Kijiti hakitofautishi rangi ya damu na rangi ya nyama. Kinapodai kuna damu, na hadubini inakataa, huenda ile rangi imetoka katika misuli iliyopasuka na kumwaga vitu vyake ndani ya damu. Ugonjwa huu huitwa rabdomiolisisi. Rangi ya misuli hupitia kwenye figo, na ikiwa nyingi huziba na kuziumiza zile njia nyembamba za kuchujia. Mtu akiwa na upungufu wa maji mwilini hatari huzidi, na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huongeza ubaya kwa kupunguza damu inayofika kwenye figo.

Damu yake ilipelekwa Kitale ipimwe kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinesi. Kwa mtu mzima wa kawaida kipimo hiki huwa chini ya 200 au 300 hivi, na hupanda kidogo baada ya mazoezi. Chake kilizidi 40,000. Alilazwa, akawekewa dripu za salaini mfululizo huku tukipima kila mkojo unaotoka, na siku ya nne mkojo ukarudi kuwa mweupe. Figo zilipona. Wapo ambao huishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Wasomaji watauliza: mtu alelewaye na jembe, iweje avunjwe na kuchuchumaa? Misuli huumizwa na kazi isiyoizoea, hasa pale inapobeba mzigo huku ikirefuka. Unapojishusha kuchuchumaa, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki ikiwa inanyoshwa. Mara ishirini si kitu. Mara mia mbili, kwa paja lisilozoea, zinapasua nyuzi. Jembe huzoesha mgongo na mikono, halizoeshi mapaja kuruka. Wala hakukuwa na chuma chochote mabegani mwa mwalimu. Uzito wa mwili wake mwenyewe ulitosha kumlaza, na kwa hiyo usidhani jimu isiyo na vyuma vizito haina hatari.

Kuna jambo jingine linalohusu watu wa kwetu. Wengi hapa hubeba nusu ya selimundu, yaani wamerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, na hawaugui. Uchunguzi wa wanajeshi weusi wa Marekani wapatao 48,000, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wenye hali hii walipatwa na ugonjwa huu wa misuli kwa kiasi cha asilimia 54 zaidi ya wenzao, ingawa hawakufa zaidi. Hiyo haina maana kwamba wasifanye mazoezi. Maana yake ni kwamba waanze polepole, wanywe maji, na wasilazimishwe kuendelea wanapohisi misuli imeishiwa nguvu. Kocha ambaye hakuulizi kitu hawezi kujua kama wewe ni mmoja wao.

Kule kwenye chumba cha mabati nilijifanya mgeni. Kocha ni mzee kidogo kuliko mimi, aliwahi kucheza voliboli, na cheti chake cha huduma ya kwanza kimebandikwa ukutani karibu na kalenda ya duka la mbolea. Aliniuliza: "Mzee, una presha? Unatumia dawa yoyote? Kifua huuma ukipanda mlima? Umewahi kuzirai? Goti na mgongo vipi?" Alikuwa akiuliza, bila kujua asili yake, karibu maswali yale yale ya hojaji fupi iliyobuniwa Kanada katika miaka ya sabini, ambayo hutumiwa duniani kote kumchuja mtu kabla hajaanza mazoezi. Dakika tatu hivi, basi. Kocha asiyekuwa na dakika tatu hizo, mimi siwezi kumpelekea mgonjwa.

Kisha akanipa bomba tupu, bila uzito wowote, akanifundisha kuinua mara kumi. Alinizungukia na kunitazama kutoka ubavuni, si kutoka mbele, kwa sababu mgongo uliopinda huonekana ukiwa ubavuni. Aliporidhika aliongeza uzito kidogo, tukafanya raundi mbili, akanikomesha wakati nilipokuwa ningeweza kuinua mara mbili tatu zaidi. Nilipomwomba tuendelee alisema, "Leo nataka urudi kesho kutwa ukitembea." Aliniambia nitoe pumzi ninapoinua na niivute ninaposhusha.

Hilo la pumzi si mbwembwe. Mtu akikaza koo na kuzuia pumzi anaponyanyua kitu kizito, presha yake hupaa. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwawekea wanyanyua vyuma mrija mdogo ndani ya mshipa wa mkono na kupima presha wakiwa wanasukuma uzito kwa miguu. Nambari ya juu ilipita 300, na kwa mmoja ilipita 400. Hao walikuwa vijana wenye afya, na presha ilishuka mara walipoacha. Mtu wa miaka hamsini mwenye mishipa iliyochoka hana akiba hiyo. Mimi mwenyewe simruhusu mgonjwa kuanza kuinua vyuma ikiwa presha yake akiwa ametulia ni 180 kwa 110 au zaidi. Atembee kwanza, ameze dawa, tuishushe.

Kwa hiyo njia ya kumpima kocha ni kuomba siku moja ya majaribio, kwa pesa au bure, na kuangalia anafanya nini na mtu asiyemjua. Cheti ni kizuri, ila uliza kimetolewa na nani na mafunzo yalichukua muda gani, kwani kipo cha wikendi moja na kipo cha mwaka. Ukiona siku ya kwanza imegeuzwa kuwa mtihani wa ushujaa, chukua koti lako. Vilevile, kocha anayeuza poda, vidonge au sindano za kukuza misuli ana biashara ya pili, na ushauri wake una bei ndani yake. Tongaren tuna maziwa, mayai na maharagwe.

Maumivu ya kawaida baada ya mazoezi huja siku ya pili, huwa pande zote mbili, hupungua ukijinyosha na huisha baada ya siku tatu nne. Yakizidi kila saa, misuli ikivimba na kukosa nguvu, au mkojo ukiwa na rangi ya strungi au ya kola, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Na mwambie mhudumu maneno haya: Nilifanya mazoezi makali juzi. Bila maneno hayo utatibiwa malaria.

Sasa vyombo. Katika chumba cha mabati uzito ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, iliyochomekwa kwenye bomba la maji. Watu wa mjini hucheka, mimi sicheki. Lita moja ya saruji iliyochanganywa na kokoto na kukauka ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, kwa hiyo mkebe wa lita 4 uliojaa ni kilo 9 hadi 10. Tatizo ni neno "hivi". Fundi akijaza mmoja hadi mdomoni na mwingine akaacha vidole viwili, au akaweka kokoto nyingi upande mmoja, bomba litaelemea upande na bega moja litabeba mzigo wa mwenzake. Nilimwomba kocha tuipeleke mikebe kwa mnunuzi wa mahindi jirani, mwenye mizani ya kuning'iniza magunia. Jozi moja ilikuwa sawa. Nyingine ilitofautiana kwa kilo 1 na nusu. Aliichonga ile nzito kwa patasi jioni hiyo, na sasa kila mkebe umeandikwa kilo zake kwa rangi nyeupe.

Bomba la maji nalo lina kikomo. Halikutengenezwa kwa kazi hii. Lilaze sakafuni kwenye simiti sawa na ulizungushe. Likiyumba, limepinda, na bomba lililowahi kupinda halirudi nguvu zake hata likinyoshwa. Tazama pia pale mkebe unapoishia: kuna kitu cha kuuzuia usichomoke? Pale Tongaren walikuwa wamefunga mpira wa ndani wa baiskeli, uliokazwa mara nyingi. Ungetosha kwa mtu anayesimama, lakini haufai kwa anayelala kwenye benchi huku chuma kikiwa juu ya shingo. Nilimwambia hivyo, akakubali kumwona fundi wa kuchomelea. Benchi lenyewe nililikalia na kulitikisa. Pale chuma kilipochomelewa, mstari mwembamba wa kutu unaovuka kiungo ni ufa, si uchafu.

Kitale mashine zinang'aa, na kung'aa kulinichelewesha kuona. Mashine ya kuvuta kutoka juu ina waya wa chuma unaopita kwenye kapi na kuvalishwa plastiki. Plastiki ilikuwa imechanika karibu na kapi, na nyuzi tatu za waya zilikuwa zimechomoza. Waya wa namna hii hukatika ukiwa umevutwa, yaani ukiwa na mzigo na mtu chini yake. Pini ya kuchagulia uzito ilikuwa imepotea na mahali pake pamewekwa msumari wa inchi sita. Nilipouliza, mhudumu alisema fundi anatoka Nairobi. Fundi kutoka mbali si kosa. Kosa ni kwamba mashine haikuwa na karatasi ya kusema isitumiwe, na mama mmoja alikuwa akiivuta tulipokuwa tukizungumza.

Kuhusu mashine ya kukimbilia nina jambo moja tu, nalo ni stima. Umeme ukipotea huku kwetu, mkanda hukwama ghafla, nawe bado una mwendo. Uliza kama wana jenereta au betri, na kama hawana, tembea badala ya kukimbia, mkono ukiwa karibu na kishikio. Ile kamba ndogo nyekundu yenye kibanio ni ya kufungwa kwenye nguo ili mkanda usimame ukianguka. Kati ya mashine nne nilizoziona, moja tu ilikuwa nayo.

Kuja jimu saa nne asubuhi na kuipenda ni kama kukagua matatu ikiwa bado haijajaza. Nilikwenda Kitale saa nne, kulikuwa na watu watano. Nilirudi saa kumi na mbili jioni siku ya Jumanne, nikahesabu 31. Chumba nilikipima kwa hatua: mita 12 kwa 7, yaani mita za mraba 84, na kila mtu akipewa sehemu yake anapata chini ya mita 3, mashine zikiwa bado hazijatolewa. Benchi lilikuwa na foleni ya watu wanne. Anayepaswa kupumzika dakika mbili kati ya raundi alikuwa akingoja kumi, misuli imepoa, kisha akifika anaongeza uzito ili kulipia muda aliopoteza. Na kocha alikuwa mmoja. Hata awe hodari vipi, hawezi kuona mgongo wa watu 31.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, mtu akaniambia ni kwa sababu ya vumbi na majirani wanaolalamikia muziki. Hapo ndipo udaktari wangu uliponikaba. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akifanya mazoezi makali hupita 60. Yaani anapumua hewa ya wenzake mara kumi zaidi, na wao wanamtolea mara kumi zaidi. Mwaka 2020, katika mji wa Cheonan huko Korea Kusini, madarasa ya densi ya mazoezi yalisambaza korona hadi wakapatikana wagonjwa 112 walioungana na vituo 12 vya mazoezi. Madarasa hayo yalikuwa na watu 5 hadi 22 katika chumba cha mita za mraba 60 hivi, kwa dakika 50. Piga hesabu: watu 22 kwa mita 60 ni msongamano ule ule nilioukuta Kitale. La kufundisha zaidi ni kwamba mwalimu mmoja aliyekuwa ameambukizwa alifundisha pia darasa la pilatesi na yoga la watu saba au wanane, lenye mwendo mtulivu, na hakuna mwanafunzi wake wa hapo aliyeugua.

Korona imepungua makali, lakini kifua kikuu hakijaondoka Kenya, nacho husafiri kwa hewa kama hiyo hiyo. Ninachokitaka ni madirisha mawili yanayotazamana, yote wazi. Chumba cha mabati cha Tongaren kina nafasi ya kiganja kati ya ukuta na paa kwa pande zote. Mvua ikinyesha kwa upepo mnalowa, lakini hewa inapita.

Tuje kwenye karatasi. Kule Kitale bei ilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi au 24,000 kwa mwaka. Ya mwaka inaonekana kuwa nafuu kwa 6,000, na ndivyo mwuzaji alivyosema. Lakini gawanya 24,000 kwa 2,500, upate 9.6. Ni lazima uhudhurie mpaka ndani ya mwezi wa kumi ndipo uanze kufaidi hata shilingi moja. Anayeishi Tongaren ana msimu wa kupanda, ana msimu wa kuvuna, ana matanga, na ana nauli ya Kitale ambayo haikuandikwa kwenye bango. Mwuzaji anazijua hesabu hizi kuliko wewe, na biashara yake hutegemea wale waliolipa wasirudi. Wote wakirudi, zile mita 3 zitakuwa moja.

Katika fomu aliyotia sahihi yule mwalimu kulikuwa na sentensi mbili za kutazamwa. Ya kwanza ilisema malipo hayarudishwi kwa sababu yoyote. Ya pili ilisema anayetaka kujiondoa atoe notisi ya siku 60. Wengi huishia hapo wakanyamaza. Lakini Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ndani yake mna sehemu inayohusu huduma za kujiendeleza binafsi, ambazo ni pamoja na za afya na mazoezi ya mwili. Kwa mikataba inayoingia katika sehemu hiyo, mteja anaweza kujiondoa bila kutoa sababu katika muda wa siku kumi. Siku hizo huanza kuhesabiwa anapopokea nakala ya maandishi ya mkataba, au siku huduma zote zinapokuwa tayari, ile inayokuja baadaye. Ndiyo maana nakala ni muhimu. Ukipewa risiti tu, ombeni na mkataba. Bango la ukutani haliwezi kufuta haki iliyowekwa na sheria.

Mwalimu alikuwa na risiti ya M-Pesa na hana nakala. Alipotoka wodini tulikuwa katika siku ya nane tangu alipotia sahihi. Aliandika barua ya mistari mitano: jina, tarehe ya kujiunga, kiasi alicholipa, kwamba anajiondoa, na kwamba anaomba pesa zirudishwe. Nduguye aliipeleka kwa mkono, akataka nakala yake igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Muhuri huo ndio uliofanya kazi. Mwenye jimu alikataa mara ya kwanza akionyesha bango. Mara ya pili aliomba barua ya daktari. Mara ya tatu alirudisha 21,500, akisema 2,500 ni za mwezi ulioanza, na mwalimu akaona heri nusu shari.

Nami niliiandika barua hiyo. Wagonjwa huja wakitaka daktari aeleze ugonjwa wote, lakini si lazima. Barua ya kujiondoa inahitaji tarehe mtu alipoonwa, kwamba asifanye mazoezi ya nguvu, kuanzia lini hadi lini, na sahihi pamoja na nambari ya usajili ya daktari. Mwenye jimu hana haja ya kujua kama una sukari, ujauzito au kitu kingine. Na kama fomu yako ina kipengele cha kusimamisha uanachama kwa muda, kitumie kabla ya kujiondoa, lakini hakikisha imeandikwa kwamba miezi uliyokosa itaongezwa mwishoni.

Lipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa iliyo kwa jina la biashara, si kwa simu ya kocha. Kocha akihama, ujumbe kwenye simu yako utaonyesha tu kwamba ulimtumia mtu fulani pesa.

Mwalimu yule sikumruhusu kurudi mpaka kipimo cha misuli kilipokaribia kawaida, na hata hapo alianza kwa kutembea hadi sokoni na kurudi. Mwezi wa tatu alitaka vyuma, nikampeleka kwa yule mzee wa mabati. Hapo hakuna fomu. Kuna daftari la kurasa 96 lenye majina na shilingi 50 kwa siku, na kocha akienda matanga mlango hufungwa kwa kufuli bila tangazo, jambo ambalo ni kasoro na nimemwambia. Nilimuuliza kama hurudisha pesa mtu akiugua. Alifungua daftari akanionyesha kwamba hajawahi kupokea za zaidi ya wiki moja.